"Mpole Mno": Maneno Mawili Tuliyoandika Bila Kufungua Daftari

Kila Juni na kila Desemba walimu wa sekondari nchini huketi mbele ya rundo la ripoti. Alama zimekwisha kuingizwa, wastani umepigwa, nafasi zimepangwa. Sehemu ya tabia imejazwa herufi moja moja: bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, usafi, michezo. Mwishoni mwa karatasi inabaki mistari miwili mitupu, na juu yake pameandikwa: Maoni ya mwalimu wa darasa. Ni usiku, mwalimu amechoka, na wanafunzi watafunga shule kesho asubuhi.

Tunataka kuzungumza juu ya mistari hiyo miwili, na hasa inapomhusu mwanafunzi wa aina moja: yule asiyenyoosha mkono, ambaye akiulizwa hutazama meza, lakini ukifungua daftari lake unakuta majibu yaliyofikiriwa. Hoja yetu ni nyepesi kuisema, ingawa ilitugharimu kuijifunza. Mwanafunzi huyu aandikiwe maoni yanayotokana na kile tulichokisoma kwake. Tusimwandikie yale tu tuliyokosa kuyasikia. Tunasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kuandika kinyume chake, na tukaona matunda yake.

Kabla ya kuanza falsafa tulitumwa mwaka mmoja kufundisha katika sekondari moja ya bweni. Tulikuwa mafrateri wawili, tukagawana Kiswahili kwa kidato cha kwanza, na tukapewa kumsaidia mwalimu wa darasa lenye wanafunzi 46. Juni ilipofika, mwalimu yule alikuwa na kazi nyingi, akatuachia mistari miwili ya kila mtoto. Tulianza baada ya chakula cha jioni. Wale kumi wa kwanza tuliwaandikia kwa uangalifu. Kufikia wa ishirini tulikuwa na sentensi nne tu tulizokuwa tukizizungusha: "Anaweza, aongeze bidii." "Hongera, asibweteke." "Apunguze utani darasani." Ya nne ilikuwa ya wale wasiosema.

Kijana mmoja alishika nafasi ya 17 kati ya 46. Kiswahili alipata 78, ambayo ni A. Jiografia alipata 38, yaani D. Kwenye mistari yake tuliandika: "Mpole mno. Hajiamini, hachangii darasani. Aongeze bidii." Tukasogeza karatasi upande, tukachukua ya mwingine. Haikutuchukua hata dakika moja.

Mapema Julai shule ilipofunguliwa, kijana aliletwa na bibi yake. Bibi alituuliza walimu walioandika ripoti wako wapi, tukaitwa. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akatuuliza bila hasira yoyote: "Frateri, mmeandika kwamba mjukuu wangu ni bubu?"

Tukasema, "Hapana, bibi, hatukuandika hivyo."

"Basi ndivyo ilivyosomwa," akasema.

Akatueleza. Yeye hajui kusoma. Ripoti ikifika nyumbani husomwa na mjomba wa mtoto, ambaye ndiye mlipa ada, na husomwa kwa sauti baada ya kula, wote wakiwa wameketi. Mjomba alisoma alama, akasifu ile A. Alipofika kwenye mistari miwili, akaisoma mara mbili. Watoto wengine wakacheka. Tangu usiku ule, kila jioni ya likizo kijana alisimamishwa mbele ya nyumba nzima, na wageni wakiwapo, aambiwe atoe hotuba kwa Kiingereza. Akinyamaza huambiwa asikae mpaka aseme. Mjomba hakuwa mtu mkali. Alikuwa amepewa taarifa na shule kwamba mtoto ana tatizo, naye akaanza kulitibu kwa dawa aliyoijua.

Wiki ya pili ya muhula tulitoa insha. Mwezi wa Machi kijana yuleyule alikuwa ameandika ukurasa mmoja na nusu. Sasa aliandika mistari minne. Kwa hiyo hata mahali pamoja alipokuwa akisema, sasa hakusema tena.

Hapo ndipo tulipofanya kile ambacho tungepaswa kukifanya Juni. Tulichukua daftari lake la Kiswahili, tukalisoma kuanzia Januari, ukurasa kwa ukurasa. Kulisahihisha tulikuwa tumelisahihisha. Tiki zetu nyekundu zilikuwa humo. Lakini kusahihisha ni kutafuta jibu unalolijua wewe. Kusoma ni kutafuta jinsi mwandishi alivyofika pale alipofika, na kazi hiyo hatukuwa tumeifanya.

Tuchukue swali moja. Mwezi wa Aprili tuliuliza darasa: methali isemayo "Haraka haraka haina baraka" na ile isemayo "Ngoja ngoja huumiza matumbo", je, zinapingana? Eleza. Darasani swali hili lilileta kelele nzuri. Upande mmoja ulisema zinapingana, mwingine ukasema hazipingani, na aliyepaza sauti zaidi alionekana ameshinda. Kijana wetu tulimwuliza, akatazama meza, tukahamia kwa jirani yake. Jioni aliandika. Jibu lake lilisema, kwa maneno yake, kwamba methali hizi zingepingana kama zingeambiwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ila ya kwanza huambiwa anayetaka kuvuna mahindi kabla hayajakauka, na ya pili huambiwa anayeyaacha shambani mpaka yanaliwa na wadudu. Kwa hiyo, akaandika, kabla ya kuuliza methali inasema nini, tuulize inamwambia nani. Pale penye neno "nani" alikuwa ameandika kwanza "nini", akakata, akarekebisha.

Sisi tuliweka tiki na alama 8 kati ya 10. Hatukuandika neno hata moja pembeni.

Anayejua kusoma daftari ataona mambo matatu humo. La kwanza ni kule kukata neno na kuweka jingine. Mtoto anayenakili hakati mahali pa maana; hukata aliporuka mstari. Huyu alikata pale mawazo yalipobadilika. La pili ni mifano: mahindi na wadudu havikuwa kwenye kitabu wala ubaoni, vilitoka kwao. La tatu ni ile "ila" na "kwa hiyo", yaani anaweka pingamizi kwanza, kisha anahitimisha. Katika falsafa sasa tunafundishwa kwamba kutofautisha maana kabla ya kubishana ndiyo nusu ya kazi. Yeye alikuwa ameifanya katika mistari sita, kidato cha kwanza.

Lakini tusijipendeze. Sifa nayo inahitaji ushahidi, na kuna njia za kukosea hata hapa. Jambo la kwanza tulilopaswa kuhakikisha ni kama maandishi yale ni yake. Kazi ya jioni bwenini inaweza kuandikwa na kaka wa kidato cha tatu. Njia ya kujua ni rahisi: linganisha kazi ya jioni na jaribio lililofanyika darasani chini ya macho yako. Kama kazi ya jioni inang'aa na jaribio limefifia, kuna mtu wa tatu. Kwake vilifanana: mwandiko uleule, ukataji uleule, hata kosa lilelile la kuandika "ijapo kuwa" kwa maneno mawili.

Jambo la pili lilikuwa kujua ukimya wenyewe ni wa namna gani, maana ukimya si ugonjwa mmoja. Wapo wasiosema kwa sababu hawasikii vizuri. Hao utawatambua hivi: ukisema ukiwa umewapa mgongo, unaandika ubaoni, wanapotea; imla yao ina makosa ya ajabu, lakini wakinakili kutoka ubaoni hawakosei; wanapenda kugeuza sikio moja. Mtoto wa namna hiyo hahitaji maoni ya ripoti, anahitaji kusogezwa mbele na kupelekwa kupimwa. Wapo wenye kigugumizi, ambao huchagua maneno mafupi au kuacha katikati. Wapo walioacha kusema ghafla, waliokuwa wakisema Februari na Mei wakawa kimya. Hapo kuna jambo limetokea, nyumbani au bwenini, na mlezi aulize kwa upole na faragha. Na katika kidato cha kwanza wapo wengi walionyamazishwa na lugha. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, anafika sekondari anakuta Jiografia na Biolojia kwa Kiingereza. Jibu analo, sentensi hana. Kumwandikia huyo kwamba hajiamini ni kumdhulumu.

Tulimfuatilia kijana wetu wiki tatu, kwa kikaratasi kilichokaa ndani ya kitabu cha maandalio ya masomo. Tuliandika kila tulipomwita na kilichotokea. Darasa zima likimtazama: tulimwita mara sita, akajibu mara moja, neno moja. Akiwa wawili wawili na jirani yake: alisema kila mara, na mara mbili tulimsikia akimsahihisha mwenzake. Kwenye bustani ya mboga: alisema bila shida, hata akawa anatania. Kwenye kipindi cha Kiswahili alinyamaza sawa na kwenye Jiografia, kwa hiyo lugha haikuwa sababu kuu, ingawa ile D ya Jiografia ilikuwa na sehemu yake ya lugha. Kusikia alisikia vizuri. Kilichobaki ni kwamba anahitaji muda, na kwamba macho 45 kwa mara moja yanamzidi.

Kuhusu muda, kuna utafiti ambao kila mwalimu anapaswa kuujua. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alirekodi vipindi vya sayansi na kupima walimu husubiri muda gani baada ya kuuliza swali kabla ya kurudia, kumhamia mwingine au kujibu wenyewe. Aligundua kwamba kwa wastani walisubiri kama sekunde moja. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wasiojibu wakapungua, na baadhi ya wanafunzi waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Tulipojipima wenyewe tukaona aibu. Mmoja wetu alikaa nyuma ya darasa akihesabu kimoyomoyo wakati mwingine akifundisha. Hatukufika mbili. Maana yake ni kwamba tulipoandika "hachangii darasani", ukweli kamili ungekuwa: hachangii katika sekunde moja tunayompa. Nusu ya maoni yale ilikuwa juu yetu sisi, lakini tuliandika jina lake.

Basi Desemba ikaja, na mistari miwili ikawa mbele yetu tena. Hapa tunaomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu tunataka kuonyesha jinsi maoni yalivyoandikwa mara tatu.

Mara ya kwanza tuliandika: "Mtulivu, mwenye busara na mwandishi bora. Asibadilike." Tulidhani tunarekebisha kosa la Juni. Kumbe tulikuwa tunalirudia kwa upande mwingine. Kwanza, "mtulivu" ni neno linalompendeza mwalimu kuliko linavyomfaa mtoto. Darasa la watoto 46 wanaonyamaza ni rahisi kuliongoza, na tulipotazama sehemu ya tabia tukaona tumempa A ya heshima kwa sababu moja tu, kwamba hakutusumbua. Katika nyumba za malezi kama zetu hatari hii ni kubwa zaidi, kwa kuwa kwetu ukimya una heshima yake, na tunaweza kuusifu kwa mtu ambaye ndani yake ni hofu tu. Pili, "asibadilike" humfungia mtoto mlango. Ana miaka kumi na minne, na sisi tumekwisha kumwambia yeye ni nani.

Hapa hupenda kuletwa habari ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye inasimuliwa kwamba wanafunzi wenzake walimwita ng'ombe bubu, na mwalimu wake Alberto akawajibu kwamba mlio wake utasikika duniani kote. Ni simulizi zuri, nasi tulilifikiria. Lakini mwalimu anayelitumia hujisahau. Kwa mujibu wa simulizi lenyewe, Alberto hakubahatisha. Alikuwa amekwisha kuona kazi ya kijana yule. Bila kuona kazi, kumfariji kila mtoto mkimya kwamba ni Tomaso ni uvivu uleule wa "mpole mno", umevaa kanzu.

Mara ya pili tuliandika kirefu. Tuliweka methali, mahindi, sekunde tatu, bustani ya mboga, na ushauri kwa familia. Ilikuwa kweli yote, lakini ilijaza nusu karatasi, na fomu ina mistari miwili. Tena tulikumbuka bibi. Ripoti hii haisomwi na mtu mmoja kimyakimya, inasomwa kwa sauti mbele ya watu. Kwa hiyo tulijiwekea kanuni: kila sentensi tuisome kwa sauti, na tujiulize kama mtoto anaweza kuketi pale inaposomwa bila kutamani ardhi ipasuke. Sentensi iliyosema "huogopa macho ya wenzake" ilikuwa kweli, lakini haikupita mtihani huo. Jambo la namna hiyo mzazi aambiwe uso kwa uso, siku ya kutembelea.

Mara ya tatu ndiyo iliyokwenda nyumbani:

"Huandika majibu yenye sababu na mifano yake mwenyewe, kama alivyofanya kuhusu methali mbili. Husema vizuri akiwa na mwenzake au akipewa muda. Muhula ujao atasoma darasani jibu lake moja kila mwezi. Nyumbani, mwombeni awasomee anachoandika, asilazimishwe kuhutubia."

Ni maneno thelathini na sita, kwa mwandiko mdogo yalienea. Sentensi ya kwanza inataja kazi iliyoonekana. Haisemi "ana akili", maana hilo mjomba hawezi kulithibitisha wala kulitumia. Inataja methali, na mtu yeyote nyumbani anaweza kumwuliza: methali zipi? Hapo mtoto ana kitu cha kusema, na ni kitu anachokijua. Sentensi ya pili inasema anasema, na inataja wakati gani. Haifichi kwamba kuna mahali hasemi. Ila inaanzia pale anapoweza. Ya tatu ni hatua moja, yenye kipimo, na mzigo wake tumeubeba sisi shuleni. "Ajitahidi kuchangia" haina kipimo. Hakuna anayejua lini amefaulu. "Jibu moja kila mwezi" inahesabika, na mwalimu atakayetufuata akiisoma anajua aanzie wapi. Ya nne inampa mjomba kazi nyingine badala ya ile aliyojitungia. Hatukuweza kumwambia tu aache, kwa sababu mtu aliyeanza kutibu kwa upendo hataki kukaa mikono mitupu.

Tunajua pingamizi la kwanza litakalotolewa, kwa maana tulilitoa sisi wenyewe mezani. Je, shule haipaswi kufundisha kusema? Kesho kijana huyu atahojiwa kazini, atasimama mahakamani, pengine atasimama mimbarini. Hata katika falsafa yetu Sokrate hakuacha andiko lolote. Alihoji watu sokoni. Na mitihani yetu ya mdomo haikubali mtu aseme, "Subirini, nitaandika." Pingamizi hili ni la haki, nasi hatuna nia ya kulikwepa. Kusema ni stadi, na kijana yule anaihitaji. Ndiyo maana tulimwekea hatua ya kusoma kwa sauti. Tunachokataa ni kuchanganya mambo mawili. Kusema mbele ya watu ni jambo moja, kufikiri ni jingine, na la kwanza si kipimo cha la pili. Mwandike kwamba stadi ya kusema bado anajengewa. Usiandike kwamba hajiamini, kana kwamba umeuona moyo wake. Aliyeandika methali ile alijiamini vya kutosha kupingana na darasa zima. Alipingana nalo kwa kalamu.

Tena tusisahau kwamba tunayajua mawazo ya Sokrate kwa sehemu kubwa kwa sababu Platoni aliyaandika. Darasa lenye wasemaji tu lingekuwa na kelele nyingi na kumbukumbu chache.

Pingamizi la pili ni la walimu, nalo ni zito zaidi: wanafunzi 46, usiku mmoja, nani ana muda wa kufuatilia wiki tatu kila mmoja? Ni kweli, hakuna. Sisi wenyewe tulimfuatilia mmoja kwa sababu bibi alikuja. Lakini tulihesabu. Katika darasa letu wanafunzi wa kweli wa namna hii, ambao sauti yao na daftari lao vinatofautiana sana, walikuwa watano. Hao watano wanajulikana kufikia mwezi wa pili wa muhula. Ukiweka kikaratasi kimoja ndani ya kitabu chako cha maandalio, ukaandika mstari mmoja kila unapoona jambo, Juni hutatunga kitu; utanakili tu. Na kama hukuweka kikaratasi, basi usiku ule wa ripoti fungua daftari mahali pawili: kazi moja ya mwanzo wa muhula na moja ya mwisho. Dakika tatu kwa kila mtoto, watoto watano, robo saa. Tulipoandika "mpole mno" hatukukosa robo saa. Tulikosa wazo kwamba kuna kitu cha kutazama.

Kuna mpaka pia tunaopaswa kuukiri. Mistari miwili haitengenezi likizo iliyoharibika. Insha za kijana yule zilirudi polepole: mistari minne Julai, saba Agosti, na ukurasa wake kamili tuliuona tena Oktoba. Katikati tulikuwa tumemwomba radhi. Hatukufanya hivyo mbele ya darasa, tulifanya kwa kuandika pembeni mwa daftari lake, kwa sababu huko ndiko alikokuwa anasikia vizuri. Tuliandika kwamba jibu lake la Aprili tulilisoma upya na tuliona hatukulitendea haki, na tukamwuliza swali: je, kuna methali isiyohitaji kuulizwa inamwambia nani? Siku mbili baadaye daftari lilirudi na jibu la nusu ukurasa. Hatukubaliani nalo mpaka leo, na hilo lilitufurahisha.

Mwezi wa Novemba tulimwomba asome jibu hilo darasani, akakubali. Alisimama pembeni ya meza yake, si mbele. Alisoma kwa sauti ya chini, na mmoja wa nyuma akasema, "Hatusikii." Alinyamaza. Tulianza kuhesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye sita akaanza upya kutoka sentensi ya kwanza, juu kidogo, akasoma mpaka mwisho, akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, na darasa likaendelea kubishana juu ya alichosema, ambayo kwa maoni yetu ni heshima kubwa zaidi.

Januari tuliondoka kuja kuanza masomo yetu, na darasa likapata walimu wengine. Kikaratasi tulikiacha ndani ya kitabu cha maandalio, kwenye ukurasa wa orodha ya majina. Wewe mwalimu, au frateri mwenzetu utakayetumwa mwaka ujao, Juni haiko mbali. Kabla hujaandika "mpole", funua daftari lake kwanza.